Hasidi hana sababu: kumfafanulia jina la kanga msikilizaji wa Kiingereza

Mgeni wetu alirudi kutoka soko la Darajani, hapa Zanzibar, na doti ya kanga mpya, nyekundu yenye maua meupe. Alikuwa amekaa Mji Mkongwe miezi mitatu, amepanga chumba cha juu kwa Bi mmoja jirani yetu, na wiki ile ndiyo ilikuwa ya kuondoka. Kanga ilikuwa zawadi ya kumuaga mwenye nyumba. Aliichagua kwa rangi. Aliikunjua mezani kwangu, akaweka kidole kwenye maandishi na kuniuliza kwa Kiingereza yanasema nini. Maneno yalikuwa matatu tu: HASIDI HANA SABABU.

Nilimjibu palepale, neno kwa neno: mtu mwenye wivu hana sababu. Akatabasamu, akasema ni busara nzuri na mwenye nyumba wake ataipenda. Hapo nikaona kwamba tafsiri yangu, ambayo kamusi yoyote ingeikubali, ilikuwa imempeleka pabaya. Nikamwambia asiitoe kanga ile. Akataka kujua kwa nini, na jibu likatuchukua jioni nzima. Naandika hapa yale niliyojifunza katika kumjibu, kwa sababu wengi wetu huulizwa swali hilohilo na wageni, na wengi hujibu kama nilivyojibu mimi mwanzo.

Tatizo la kwanza lilikuwa neno hasidi. Anayezungumza Kiingereza akimwambia rafiki yake "nakuonea wivu, unakwenda kupumzika pwani," amemsifu. Lugha yake inaruhusu wivu wa mapenzi mema, wivu unaosemwa usoni kwa kicheko. Nami nilipotafsiri hasidi kwa neno lile la kwao, alisikia mtu wa namna hiyo, mwenye kutamani kidogo alicho nacho mwenzake. Hasidi wetu si huyo. Hasidi hataki kuwa na nyumba kama yako, anataka nyumba yako iungue. Husuda ni kuchukia neema iliyomfikia mwingine na kutaka imwondoke, hata kama wewe hutapata kitu. Watoto wetu wanakutana na neno hili mapema sana chuoni, kwa sababu Sura ya Al-Falaq, miongoni mwa sura fupi za mwanzo kuhifadhiwa, inamalizia kwa kuomba kinga na shari ya hasidi anapohusudu. Kwa hiyo Mzanzibari akilisoma neno hilo kwenye kanga halioni kuwa la kawaida. Analisikia pamoja na kijicho, na dua, na mtoto mchanga anayefunikwa uso mbele ya watu.

Nikamwambia mgeni aondoe kabisa lile neno lake jepesi, aweke maelezo marefu: mtu anayetaka baraka zako zikuondoke. Tafsiri ikawa nzito, haina mdundo tena, lakini sasa uso wake ulibadilika kidogo.

Tatizo la pili lilikuwa "hana sababu". Kwa Kiingereza, kusema mtu hana sababu kunaweza kumaanisha hana haki, au hana akili ya kupima mambo, na yeye alikuwa ameelewa hivyo: mwenye wivu anakosea. Kumbe jina lile halimhukumu hasidi. Linamjibu mtu anayejiuliza, "Nimemkosea nini huyu?" Jibu ni kwamba hujamkosea kitu, usitafute, hasidi hangoji akosewe ndipo achukie. Ndani ya maneno matatu kuna swali lisiloandikwa, na msomaji wetu hulisikia bila kuambiwa. Msikilizaji wa Kiingereza lazima apewe swali lile kwanza, ndipo jibu liwe na maana. Tangu siku ile, nikiulizwa jina la kanga, sianzi kwa kusema "maana yake ni hii". Naanza kwa kusema, "Mtu husema hivi pale ambapo..." Ukianza na tukio, maneno yenyewe huja baadaye yakiwa yamekwisha pata mahali pa kukaa.

Halafu ikaja sarufi, na hapa nilikwama kwa muda. "Hana" ya Kiswahili haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinataka kujua. Nikitumia neno la mwanamke, nimekwisha mnyooshea kidole mwanamke fulani, na katika uchochoro wetu wanawake wanaoweza kulengwa hawazidi watano. Nikitumia la mwanamume, nimepoteza kabisa ugomvi wa jirani na jirani ambao ndio makao ya jina hili. Nikaenda kwenye wingi: wenye husuda hawahitaji sababu. Wingi ulinisaidia kuficha, lakini ulificha kupita kiasi. Ukali wa jina la asili uko kwenye umoja wake. Hasidi ni mmoja, anaweza kuwa yeyote, na anaweza kuwa wewe unayesoma.

Mambo hugeuka ukichukua jina jingine, NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Hapo Kiingereza ndicho kinachopoteza. "Ku" katika "nilikudhani" ni mtu mmoja tu, umemshika mkono. Neno la Kiingereza la kumwambia mtu ni lilelile kwa mmoja na kwa mia, kwa hiyo mchomo unasambaa. Na "kumbe" haina mwenzake kule. Unaweza kueleza kwamba ni neno la mtu aliyefumbuliwa macho ghafla, anayejilaumu na kushangaa kwa pamoja, lakini kufikia hapo umetumia maneno kumi na dhahabu imeachana na adhabu. Mgeni aliniomba nimsomee kwa sauti mara tatu ili asikie jinsi neno moja linavyoingia ndani ya jingine. Nadhani hiyo ndiyo njia ya pekee kwa majina yaliyojengwa kwa mlio: msomee kwanza asikie, umweleze baadaye, na umwambie wazi kwamba nusu ya ujumbe imo katika mlio na haitavuka.

Lakini hata baada ya haya yote alikuwa bado hajaelewa kwa nini asiitoe kanga ile. Alisema, na alikuwa na haki kuuliza, "Sawa, hasidi ni mtu mbaya. Mimi sijamwita mwenye nyumba hasidi. Ni maneno yamechapwa kiwandani."

Hapa ndipo palipo na kiini cha fumbo la kanga, na ndipo panapomshinda mgeni zaidi, kwa sababu anatafuta maana kwenye kitambaa. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji ambao ni ile sehemu ya katikati, na katika mji, juu kidogo ya pindo la chini, ndipo jina linapokaa. Tangu enzi ambapo majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi yalipohamia kwenye herufi za Kirumi, jina halijawahi kuwa na saini ya msemaji. Kanga maarufu za Mombasa kutoka duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, huwa na alama ya Mali ya Abdulla. Alama ile inakuambia bidhaa ni ya nani. Nani anasema maneno, na anamwambia nani, kanga haisemi. Nafasi hizo mbili zimeachwa wazi, na hujazwa na mtu anayeivaa au anayeitoa. Kabla ya hapo maneno yamelala tu dukani.

Nilimwonyesha kwa mfano uleule wa hasidi. Bi akiinunua mwenyewe na kuivaa akipita mbele ya mlango wa jirani waliyekosana naye, msemaji ni Bi na msemwa ni jirani: wewe ndiye hasidi, nami nimeacha kujiuliza nilikukosea nini. Dada yake Bi akimletea kanga hiyohiyo kutoka Pemba, baada ya kusikia kwamba mtaani wanamsema, msemaji ni dada, lakini hasidi ni watu wa nje. Ni kama kumwambia, "Najua wanavyokufanyia, usijisumbue kutafuta kosa lako, niko upande wako." Ni zawadi ya faraja kabisa. Sasa mpangaji, tena mgeni, akimpa Bi kanga hiyo siku ya kuondoka, Bi atajaza nafasi vipi? Ana njia mbili. Ama huyu mtoto ananiliwaza, ama ananiambia mimi ni hasidi na anaondoka zake. Ili aamue, atakumbuka yaliyopita kati yao. Na wiki mbili nyuma walikuwa wametofautiana kuhusu maji. Tangi lilikauka, Bi akasema mpangaji anafua kila siku, mpangaji akanuna. Yaliisha, walisalimiana kama kawaida, lakini yalikuwepo. Kanga ile ingeyafufua.

Alinyamaza. Kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya jioni ile: "Akikasirika, si ataniuliza?"

Hatauliza. Hapo ndipo nguvu ya fumbo ilipo. Mwenye kuvaa kanga ana jibu lisiloshindika, "Mimi nimejivalia kanga yangu tu, imekugusa nini?" Anayelalamika amekiri mwenyewe kwamba jina limempata. Ndiyo maana aliyelengwa, akiwa mjuzi, hasemi neno. Anakwenda dukani. Atarudi na lake, pengine NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE, ataipiga pindo vizuri, ataivaa na kupita palepale alipopitiwa yeye. Ugomvi unaweza kwenda hivyo kwa wiki nzima bila mtu kupaza sauti, na wanaume wa nyumba zote mbili wasijue kuna nini. Watu wa nje wakisikia kwamba majirani wanaweza kugombana kwa vitambaa hucheka, lakini nilimwomba mgeni alitazame jambo hili kwa uzito. Watu wanaogawana ukuta, kisima na msiba hawawezi kutukanana leo na kuzikana kesho. Fumbo linawaruhusu kusema yote na bado kubaki majirani, kwa kuwa rasmi hakuna lililosemwa. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na kwenye kanga mwerevu aliyeligangua hujua pia wakati wa kujifanya hakuligangua.

Kwa Kiingereza tabia hii ni ngumu kuieleza kwa sababu msikilizaji atakuuliza, "Basi alimaanisha au hakumaanisha?" Usikubali kuchagua. Ukimwambia alimaanisha, umeondoa kinga ya mvaaji. Ukimwambia hakumaanisha, umemdanganya. Mwambie kwamba mvaaji ameiweka kauli barabarani, na anayeiokota ndiye aliyejipa.

Kesho yake asubuhi nikapata shida nyingine niliyojiletea mwenyewe. Mgeni alikuja mbio kuniambia kwamba mama muuza maandazi wa pembeni ameingia kwenye vita na mtu, kwa sababu amevaa WACHA WASEME WATACHOKA. Nilimwambia amtazame tena. Kanga ilikuwa imepauka kwa kufuliwa, jina limeangukia ubavuni nusu limemezwa na mkunjo, upande mmoja una doa la mafuta, na kichwani amejifunga kanga nyingine kabisa. Mama yule alikuwa amevaa nguo ya kazi. Sehemu kubwa ya kanga unazoziona mchana hazisemi kitu: zimebeba mtoto, zimefunika kitanda, zimefungwa juu ya gauni ili lisichafuke, zimechukuliwa kwa kuwa ndizo zilizokuwa juu kwenye kabati. Anayemfafanulia mgeni akisahau kusema hili anamfanya aone vita kila mahali, na hilo ni kosa kubwa kama lile la kutoona fumbo lolote.

Utajuaje kanga inayosema? Kwanza huwa mpya, au angalau ina rangi yake. Huvaliwa doti kamili, vipande viwili vya jina moja, kimoja kiunoni na kimoja kichwani au mabegani. Anayetaka lisomeke hulipanga jina likae nyuma, wazi, lisikatwe na mkunjo, ili alisome yule aliyeachwa nyuma wakati mvaaji amekwisha pita na hawezi kujibiwa. Njia nayo inasema: mtu ambaye siku zote hukatiza kwa msikitini, leo amezunguka ili apite mlango fulani. Moja peke yake haitoshi. Zikikutana tatu, wanawake wa mtaa huo wamekwisha jua, nawe uliyesimama na mgeni wako utaona wanavyotazamana. Na kwenye zawadi hakuna haja ya dalili hizo zote, kwa sababu zawadi ina mtoaji na mpokeaji waziwazi. Jina la kanga ya zawadi husomwa kila mara. Hilo ndilo ningependa kila mgeni anayeingia dukani alijue kabla ya kutazama rangi.

Tulirudi naye Darajani mchana ule. Safari hii alimwomba muuzaji amsomee majina, nami nikakaa kimya ili ajaribu mwenyewe. Alipita JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, akanigeukia. Kamusi yake ilimwambia tamaa ni uroho, na kukata ni kutumia kisu, akawa amepata mtu asiyekata uroho wake. Nilimweleza kwamba kukata tamaa ni kuacha kutumaini, na kwamba maneno yamepinduliwa ili "sipati" na "sikati" zilie pamoja. Akafurahi, kisha akauliza, "Hapati nini?" Haijasemwa. Kiswahili kinaridhika na kitenzi kisicho na kitu mbele yake, Kiingereza kinadai angalau kijineno cha kuziba pengo. Anaweza kuwa hapati mtoto, hapati kazi, au hapati mtu anayemtaka. Msichana akimpitia nalo kijana, watu watajaza pengo bila kusaidiwa. Mgeni akaona mwenyewe kwamba halimfai mama mwenye nyumba, na sababu aliyoitoa ilikuwa sahihi: Bi angeweza kudhani anaombwa kitu.

Akasimama kwenye WEMA HAUOZI. Hapa nilimuuliza mimi: nani anasema, na anamwambia nani? Akafikiri. Akasema, "Nikimpa mimi, ninamwambia kwamba wema alionifanyia sitausahau." Ndivyo. "Na akikupa yeye?" nikamuuliza. Akafikiri zaidi, halafu akaanza kucheka, kwa sababu aliona jinsi jina lilelile lilivyogeuka mkononi. Bi akimpa mpangaji wake WEMA HAUOZI, anaweza kuwa anamkumbusha kwamba alitendewa wema na bado hajaulipa. Tukainunua. Muuzaji akatukatia vipande viwili, tukavipeleka kwa fundi akavipiga pindo.

Bi aliipokea sebuleni, na nilimwona akifanya kile ambacho nilikuwa nimemwambia mgeni atarajie. Hakutazama rangi. Aliinua pindo la chini, akasoma jina kimyakimya kwa midomo, kisha akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akuweke," na ndipo akaikunjua yote kuitazama maua yake. Kanga ya hasidi mgeni alibaki nayo. Nilimshauri aitandike kitandani kwake huko aendako, hakuna jirani yake atakayeisoma.

Jumamosi usiku Bi alimpelekea zawadi yake, imekunjwa ndani ya gazeti. Mgeni akaja nayo kwangu kabla sijalala, lakini hakuniuliza inasema nini. Alikuwa amekwisha iandika kwenye daftari: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Alikuwa amekosea neno moja tu, "apone", akidhani Bi anaumwa na hajamwambia mtu. Nikamweleza kwamba ni methali, na kwamba mwenyeji hupona kwa kuwa siku ya mgeni nyumba hupikwa vizuri, watu hucheka, na shida husogezwa kando kidogo. Akalisahihisha. Halafu akarudi kwenye "njoo", akaigonga kwa kalamu.

"Lakini naondoka kesho," alisema. "Amenipa mimi, kwa mkono wake, usiku wa mwisho, na ameniambia njoo."

Sikuwa na la kuongeza. Alikuwa amekwisha kujaza nafasi zote mbili.